Mtungi wa Maji na Kipande cha Kitenge

Miaka miwili niliketi kwenye baraza ile ya mafundi, Nyamirambo, watu wakinyamaza kila nilipokaribia. Kazi yangu ni kumalizia: vifungo, pindo, pasi. Mafundi kumi na moja wananiletea nguo zilizoshonwa nusu, nami nawarudishia zikiwa nguo. Walininyima maneno. Nguo hawakuninyima, kwa sababu kushona tundu la kifungo kwa mkono ni kazi inayochosha macho, na hakuna aliyeitaka.

Sababu ya ukimya ule ilikuwa Gwiza. Gwiza anauza vitenge katika duka ambalo mlango wake unafungukia barazani petu. Mwaka ule Connie alimwandalia sherehe ya kushtukiza ya siku yake ya kuzaliwa. Connie ndiye mwenye baraza. Alikulia Kampala, akarudi na cherehani tatu na sauti ya mwalimu mkuu. Aliandika ujumbe kwenye simu, akautuma kwa watu wote. Siku ilipofika tulijificha nyuma ya mapazia, na Gwiza akaingia akiwa amesukwa nywele upya, amevaa gauni jipya, anacheka. Akasema, "Tokeni jamani, mtakosa hewa!"

Connie hakucheka. Alimuuliza Gwiza nani aliyemwambia, Gwiza akakataa kumtaja mtu. Aliwatazama watu mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Ni Nyirahabimana," alisema. "Kusoma hajui, lakini kusema anajua sana."

Sikuwa nimesema. Niliapa, nikaapa tena, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoamini kwamba nimesema. Ukishaitwa kapu, hakuna atakayekutumia kuteka maji.

Mtu mmoja tu aliendelea kunisalimia kama zamani, naye ni Épiphanie. Huyu ni fundi wa sare za shule, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mahali pa skrubu. Alizaliwa siku ya sikukuu ya mamajusi, tarehe sita Januari, ndipo wazazi wakampa jina lile. Alisoma hadi darasa la nane wakati wengi wetu hatukuona hata mlango wa darasa, na kwa hiyo yeye ndiye macho ya baraza. Barua ya hospitali, ujumbe wa mtoto, tangazo la mtaa, vyote hupelekwa kwake. Huweka kitambaa chini, hufuta miwani, husoma. Hajawahi kumwambia mtu ngoja. Kila Jumapili, akitoka kutembelea wagonjwa na akina mama wa kanisa lake, saa kumi kamili alikuja kwangu kunisomea ujumbe wa Mucyo, mwanangu, dereva wa malori ya masafa marefu. Mucyo huandika. Anasema kwenye foleni ya mpakani kuna kelele, sauti haisikiki.

Basi wiki ya mwisho ya Desemba Uwase, binti yake Épiphanie, akaja nyumbani kwangu, akakaa kwenye mkeka bila kungoja kukaribishwa.

"Mama Mucyo, mama yangu anatimiza miaka hamsini. Nataka kumshtukiza. Na nataka iwe hapa uani kwako."

"Umekosa uwanja Kigali nzima?"

"Hapa ndipo mahali pekee anapokuja mwenyewe bila kuitwa. Kila Jumapili, saa kumi. Kwingine kokote nitalazimika kumdanganya, na mama yangu uongo anaunusa kama maziwa yaliyochacha."

Nilitaka kukataa, lakini sikuwahi kuwa na kitu cha kumrudishia Épiphanie kwa miaka ile yote ya kunisomea, na mtu asiye na cha kurudisha hulala vibaya. Nikakubali.

Kesho yake Uwase alimwambia Connie, na Connie akanijia barazani akiwa na mkasi mkononi. Épiphanie alikuwa amekwenda kununua uzi.

"Kwako? Siri iwekwe kwako? Sawa. Mimi sina neno. Ila nisikilize vizuri, mama. Safari hii ikivuja, usirudi hapa. Utatafuta baraza nyingine ya kukaa na sindano yako."

Alisema mbele ya watu, na mzee Nshimiyimana, fundi wa kutengeneza suti kuukuu, akainua kichwa akauliza, "Anasema nini?" kwa sababu sikio lake moja halifanyi kazi. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilielewa vizuri. Nina miaka arobaini na tisa. Baraza nyingine haichukui mtu wa umri wangu, tena mwenye jina kama langu.

Jioni ile tulikutana kwangu watatu, Uwase, Connie na mimi. Connie alikuwa ameshaandika. Uwase akatusomea:

"SIRI KUBWA! Mama yetu Épiphanie anatimiza miaka 50. Tunamshtukiza Jumapili, saa tisa, kwa Nyirahabimana. Lete zawadi na maji ya kummwagia. ASIAMBIWE!"

"Ni mzuri," alisema Connie. "Mfupi."

Mimi nilikaa nikiyasikia yale maneno tena kichwani. Mtu asiyejua kusoma hujua kitu kimoja ambacho wasomi hawakijui: ujumbe hauishii kwenye simu. Unapita mkononi mwa mtu mwingine.

"Uwase," nikasema, "tukiwatumia watu ujumbe huu, nani atamsomea mzee Nshimiyimana?"

Uwase akaitazama simu tena.

"Na mama muuza mkaa? Na Silvère mlinzi? Na mimi mwenyewe, kama ungenitumia? Barazani kuna watu saba wasiojua kusoma, na wote saba wana msomaji mmoja. Huu ujumbe wenu utafika kwa Épiphanie mara saba kabla jua halijazama."

Uwase akashika mdomo. Connie akasema, "Basi tutume sauti."

"Nshimiyimana sauti huzifungua mpaka msikitini wanasikia."

"Basi tusiwaalike hao saba."

"Hao saba ndio aliowasomea maisha yao yote," nikasema. "Bila hao hakuna sherehe."

Connie alikunja mikono. "Haya. Tuambie wewe, profesa."

Nikawaambia. Ujumbe ubebe vitu, mdomo ubebe sababu. Kilichoandikwa kiwe kitu ambacho Épiphanie mwenyewe anaweza kukisoma kwa sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho, asione chochote. Sababu tutamwambia kila mtu sikioni, mmoja mmoja.

"Na hicho kitu kisemeje?" aliuliza Uwase. "Watu wakiambiwa walete maji na sahani, watauliza kuna nini."

"Kuna kazi. Connie ana sare za shule, mia moja na zaidi, hazina vifungo. Aziache kwangu kweli, mafungu yaonekane. Uongo mtupu hauna miguu. Huu uwe na miguu ya sare."

Tulikaa pale hadi chai ikapoa mara mbili. Kila neno tulilipima. Tarehe sita tuliiacha kabisa, kwa sababu tarehe ile kwake ni sawa na jina lake. Tukashika Jumapili iliyotangulia, tarehe nne. Saa iwe tisa, watu wawe wamefika saa nzima kabla yake. Yeye hawezi kuwahi, ana wagonjwa wake. Viti: kila mtu aje na stuli, uani kwangu kuna mawe tu. Sahani na kikombe, kwa sababu tutakula tukifanya kazi. Maji ya kummwagia, kama wafanyavyo siku hizi kwa mtu aliyezaliwa siku hiyo, yakaitwa maji ya matumizi, maana mfereji wetu hukatika na kila mtu anajua. Zawadi neno hilo lisitajwe. Uwase alitaka kila mgeni alete kipande cha kitenge, tuviunge viwe shuka moja la kujifunika la mama yake. Akaandika: kipande cha shubiri mbili kwa mbili, kilichopindwa pembe zote, cha kujaribia matundu ya vifungo.

"Futa hapo," nikasema.

"Wapi?"

"Kilichopindwa. Mama yako ni fundi. Nani anapinda kitambaa cha kujaribia? Hapo ndipo angesimama. Waache waje nacho kibichi, nitakipinda mwenyewe."

Connie alinitazama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kama mtu anayetazama mtu. Kisha akageuza macho.

Na mwisho Uwase alitaka kuweka namba yake ya simu ya kujibia. Nikakataa tena: binti wa Épiphanie anahusikaje na vifungo vyangu? Tukaweka yangu. Ujumbe ukatoka hivi, na ninaujua kwa kichwa hadi leo:

"Jumapili tarehe nne, saa tisa kamili alasiri, kwa Nyirahabimana nyuma ya msikiti. Kuna sare za kumalizia kabla shule hazijafunguliwa, tunaomba mikono. Kila mtu aje na stuli yake, sahani na kikombe, mtungi mdogo wa maji kwa kuwa mfereji haueleweki, chakula kidogo cha kuchangia, na kipande cha kitenge cha shubiri mbili kwa mbili cha kujaribia matundu. Ukiwa na swali piga, usiandike. Mwenye simu hasomi."

Uwase aliutuma siku ya mwaka mpya. Ijumaa nilizunguka nikisema sababu sikioni. Kwa muuza mkaa, kwa Silvère, kwa wengine wote wa wale saba, isipokuwa mmoja. Mzee Nshimiyimana alikuwa amekwenda kijijini kwao kusherehekea, na sababu haisemeki kwenye simu kwa mtu ambaye lazima umpigie kelele. Nikasema nitamwahi Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua cherehani.

Jumamosi nikafika nikiwa nimechelewa. Alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama mbele ya Épiphanie, amemnyooshea simu.

"Mama, nisomee. Nimetumiwa kitu na watu hawa, sijui ni cha nini."

Niliweka kapu langu chini taratibu. Cherehani ya Connie ilisimama. Zile nyingine zikasimama moja baada ya nyingine, na hilo lilikuwa kosa, maana baraza ile haijawahi kuwa kimya saa mbili asubuhi. Nikamwonyesha Connie kwa macho, akaanza tena kukanyaga cherehani bila nguo ndani yake.

Épiphanie alifuta miwani. Akasoma kwa sauti ya kawaida, karibu na sikio zima la mzee. "Jumapili tarehe nne..." Alisoma neno kwa neno. Kwenye sare hakusita. Kwenye stuli hakusita. Kwenye mtungi wa maji akainua macho.

"Mama Mucyo, mfereji umekatika tena?"

"Tangu juzi," nikasema.

"Shubiri mbili kwa mbili," aliendelea, "cha kujaribia matundu." Akacheka kidogo. "Shubiri mbili ni kubwa kwa kujaribia. Unawafundisha au unawatesa?"

"Mikono yao ni migumu. Wataharibu moja, wajaribu jingine pembeni."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Akasoma hadi mwisho. Kisha akavua miwani akanitazama, na uso wake ukabadilika.

"Mbona mimi sikuandikiwa?"

Hilo hatukulipima. Jioni nzima ile, maneno yote yale, na hilo hatukuliona. Nilisikia mguu wa Connie ukiacha kukanyaga.

"Wewe?" nikasema. "Wewe tangu lini unaalikwa kwangu? Uje saa kumi zako kama kawaida. Au unataka nikuandikie kwa mkono wangu?"

Alicheka. Na wengine wakacheka, kicheko cha watu walionusurika na gari. Nilikaa kwenye stuli yangu, nikashika sindano, na uzi ukakataa kuingia.

Ndipo mzee Nshimiyimana, akirudisha simu mfukoni, akasema kwa ile sauti yake ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Ahsante, mama. Leo umesoma pole pole. Ule wa sherehe ya Gwiza ulinisomea kwa nguvu, mchana wengine wamekwenda kula, mpaka mwenyewe akatoka dukani akasimama hapo mlangoni! Nilidhani alikuwa anajua."

Nilimtazama Épiphanie. Hakuniangalia. Alikuwa anakunja kitambaa ambacho hakijamalizika, anakikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Mzee," alisema Connie, "ulisema nini?"

"Nasema alisoma kwa nguvu!"

Épiphanie alichukua mkoba wake akashuka ngazi. Hakuaga mtu.

Miaka miwili. Alijua, na kila Jumapili saa kumi alikaa uani kwangu akanisomea maneno ya mwanangu, akanywa chai yangu, na alijua. Sasa nikaelewa kwa nini yeye peke yake aliendelea kunisalimia. Sikulala vizuri, na sina haja ya kueleza zaidi.

Jumapili nilifagia ua kwa hasira. Nilitaka kumpigia Uwase nimwambie aondoe sherehe yake. Lakini mafungu ya sare yalikuwa mlangoni, na kuanzia saa nane na nusu watu wakaanza kuingia na stuli kichwani na mitungi mkononi. Hakuna aliyesahau kitu. Ishirini na wawili, vipande ishirini na viwili, shubiri mbili kwa mbili, hata mzee Nshimiyimana, ambaye sasa sababu alikuwa ameisikia vizuri na alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja kama mtoto. Tulipanga vipande, Connie akaunga kwa cherehani ya mkono aliyokuja nayo, mimi nikapinda kingo. Tulifanya kazi bega kwa bega. Saa kumi kasoro dakika tano shuka likaisha. Watu wakaenda nyuma ya nyumba na mitungi yao.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu.

Uwase akatoka nyuma ya nyumba, uso umenywea. "Hapokei simu. Yuko nyumbani, jirani amemwona. Mama Mucyo, haji kwa sababu ya jana."

"Najua kwa nini haji."

Connie akasogea. "Nenda wewe, Uwase. Mwambie ukweli, basi. Imeshaharibika."

Nikamwangalia Connie. Siri hii haikuwa imevuja. Ingevunjwa sasa, mbele ya watu ishirini na wawili, halafu kesho wangesema ilivunjikia kwa Nyirahabimana.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Ni mwendo wa kupanda tu, nyumba tisa. Njia nzima nilitafuta maneno. Hakuna wa kunipimia. Épiphanie alifungua mlango kidogo, macho mekundu.

"Umekuja kunitukana," alisema. "Ingia, nitukane ndani, majirani wasisikie."

"Nimekuja na simu. Mucyo ameandika."

"Mama Mucyo..."

"Yuko mpakani tangu juzi. Sijui anasema nini. Nani atanisomea?"

Akaegemea mlango. "Nilitaka kusema siku ile ile. Connie alipokutaja nilifungua mdomo, naapa. Kisha nikafikiri, wakijua kwamba nasoma siri za watu kwa sauti, hakuna atakayeniletea simu tena. Mimi bila hilo ni nini? Mshona sare. Nikafumba. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na kesho kutwa."

"Kwangu haikuwa ngumu?"

Ningeweza kumwaga yote hapo mlangoni, nilikuwa nayo ya miaka miwili, yamepangwa. Nyuma yangu, chini ya kilima, watu ishirini na wawili walikuwa wameshika mitungi.

"Hayo tutayasema," nikasema. "Si leo. Leo kuna vifungo na kuna ujumbe wa mwanangu. Unakuja au nimpe Connie asome?"

Alivaa viatu.

Alipopita mlango wa ua, aliona sare na stuli tupu, akasema, "Watu wako wapi?" na hapo mtungi wa kwanza ukamwagika, wa mzee Nshimiyimana, ambaye hakungoja ishara. Yakafuata mengine yote. Épiphanie alipiga kelele, akashika miwani, akaelewa, akakaa chini kwenye maji. Uwase akamfunika kwa shuka lile la vipande. Alivishika kimoja kimoja, akivihesabu kwa vidole, na akajua kila kipande ni cha nani, maana ni fundi.

Watu wakapiga makofi wakamtaka aseme neno. Aliinuka, maji yakimtiririka.

"Ujumbe wa Gwiza," alisema, "niliuvujisha mimi. Niliusoma pale barazani kwa sauti, Gwiza akasikia. Nyirahabimana hakusema kitu. Nilijua tangu siku ile."

Keki ilikuwa imeletwa, kisu kiko mkononi mwa Uwase. Connie alikohoa.

"Basi," alisema. "Yameisha. Tule keki."

"Basi haitoshi," nikasema. "Ulinitaja mbele ya watu. Watu ni hawa hawa. Sema."

Connie alitazama chini, kisha akanitazama. Sauti ya mwalimu mkuu haikutoka. Ilitoka nyingine, ndogo. "Nyirahabimana, hukusema. Mimi nilikosea. Kesho kiti chako kipo."

Ndipo nikamwambia Uwase akate keki.

Jumatatu watu walinisalimia wote kwa pamoja, wengine mara mbili, kama wanaolipa. Nikawajibu. Kusahau sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Jumapili iliyofuata, saa kumi kamili, Épiphanie alisimama mlangoni kwangu. Hakuingia mpaka nilipomwambia aingie. Nikamwekea chai, nikampa simu.

"Soma pole pole," nikasema.

Akafuta miwani, akasoma, na maneno ya mwanangu yakaishia kwangu.